Mshumaa Unapogusa Sapoti

Katika chati ya bei, kila mshumaa hubeba bei nne za kipindi kimoja, kiwe saa moja, siku au wiki. Bei ya kufungua na ya kufunga huunda mwili wake. Bei ya juu kabisa na ya chini kabisa huonekana kama tambi zilizochomoza juu na chini ya mwili. Sapoti ni eneo la chini ambalo bei imewahi kulifikia ikageuka na kupanda, kwa sababu wanunuzi walijitokeza hapo. Bei inapolirudia eneo hilo, wafanyabiashara hutafuta mshumaa wa kuwaambia kama wanunuzi wamerudi.

Maumbo matatu hutajwa zaidi. Mshumaa mmezaji ni wa kupanda, na mwili wake hufunika mwili wote wa mshumaa wa kushuka uliotangulia. Nyundo ina mwili mdogo juu na utambi mrefu chini, angalau mara mbili ya mwili: wauzaji waliisukuma bei chini, lakini hadi kufunga ilikuwa imerudi. Doji hufunga karibu palepale ilipofungulia. Kati ya hayo matatu, doji ndiyo dhaifu zaidi, kwa kuwa inaonyesha tu kwamba hakuna upande ulioshinda. Katika hisa isiyouzwa sana, huenda ikamaanisha tu kwamba siku hiyo ilipita na biashara moja au mbili.

Udhaifu wa kwanza wa maumbo haya ni kwamba hutegemea saa. Soko la fedha za kigeni huenda mchana na usiku, na kwa kawaida siku yake hukatwa saa 11 jioni ya New York, yaani saa 6 au saa 7 usiku Afrika Mashariki, kulingana na majira ya huko. Dalali anayekata siku kwa saa nyingine huonyesha mishumaa tofauti kwa bei zilezile.

Chukua mfano wa kubuni wa yuro dhidi ya dola, sapoti ikiwa 1.0800. Mshumaa wa kwanza wa saa nne unafungua 1.0840, unagusa 1.0800 na kufunga 1.0810. Wa pili unafungua 1.0810, unashuka hadi 1.0790, unapanda hadi 1.0860 na kufunga 1.0855. Huyo ni mmezaji kamili. Sasa unganisha yote miwili iwe mshumaa mmoja wa saa nane: unafungua 1.0840 na kufunga 1.0855, mwili wa pipsi 15 tu, na utambi wa chini wa pipsi 50. Mmezaji amegeuka nyundo. Kwa hiyo anayeziona zote mbili katika chati mbili hajapata mashahidi wawili. Ameona tukio lilelile mara mbili.

Udhaifu wa pili ni gharama ya kusubiri. Anayenunua mmezaji anapofunga, kwa 1.0855, na kuweka oda ya kukata hasara 1.0780, anahatarisha pipsi 75. Ikiwa kikwazo kinachofuata juu kiko 1.0930, faida inayotarajiwa nayo ni pipsi 75. Lazima apatie zaidi ya nusu ya biashara zake ndipo afidie pia gharama za dalali. Aliyeweka oda 1.0805 mapema anahatarisha pipsi 25 kutafuta 125, na anahitaji kupatia takriban moja kati ya sita. Ni kweli kwamba huyu wa pili atanaswa mara nyingi zaidi sapoti inapovunjika. Mshumaa unalipa, basi, pale tu unapopunguza makosa kuliko unavyopunguza faida.

Ushahidi kwamba unafanya hivyo ni mdogo. Mwaka 2006, watafiti Marshall, Young na Rose walichapisha matokeo ya kupima mifumo ya mishumaa kwenye hisa za kipimo cha Dow Jones kati ya 1992 na 2002, na hawakuona faida inayozidi bahati. Hata hivyo, hawakupima sapoti zinazochorwa kwa jicho, hivyo matokeo yao yanahukumu umbo lenyewe zaidi kuliko umbo lililo mahali maalumu.

Uzito mkubwa, kwa hiyo, ubaki kwa eneo: je, bei iligeuka hapo waziwazi, na je, mwelekeo wa chati kubwa uko upande wa kupanda? Mshumaa hufuata baadaye, na faida yake ya uhakika ni kuonyesha bei ambayo ikivunjwa, wazo la kununua limekufa. Katika mfano huu bei hiyo ni 1.0790. Mmezaji au nyundo katikati ya chati, mbali na sapoti yoyote, haitoshi kuwa sababu ya kununua.