Dunia Tatu, Muunganisho Mmoja

Seva ya Minecraft hupiga upya hesabu za dunia yake mara 20 kwa sekunde: ng'ombe wamesogea wapi, maji yametiririka hadi wapi, nani amempiga nani. Kila mzunguko una milisekunde 50 tu, na sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanywa na kiini kimoja cha prosesa. Ndiyo maana kompyuta yenye viini 32 haiwi dawa ya seva moja iliyofurika watu. Mzunguko ukizidi muda wake, mchezo unaanza kuzorota kwa kila aliyemo: mchezaji anavunja jiwe, jiwe linarudi palepale, na mapigo ya upanga yanafika yakiwa yamechelewa.

Wenye seva kubwa waliona mapema kwamba njia ni kugawa watu katika seva kadhaa. Tatizo likawa mchezaji mwenyewe. Hakuna anayependa kutoka mchezoni, kuandika anwani nyingine na kuingia upya kila anapotaka kubadilisha dunia. Mwaka 2012 ikatokea BungeeCord, programu inayokaa kati ya wachezaji na seva. Velocity ilifuata mwaka 2018, na leo inatunzwa na mradi wa PaperMC. Programu ya namna hii huitwa proksi, na makala haya yanaifuata Velocity kwa sababu imelishughulikia vizuri zaidi swali gumu la kazi hii: seva ya ndani itajuaje kwamba mchezaji aliyeletwa ndiye kweli?

Kwanza, safari yenyewe. Kompyuta ya mchezaji haiunganishwi kamwe na seva ya mchezo; inaunganishwa na proksi, nayo proksi inafungua muunganisho wa pili kwenda seva ya ukumbi wa mapokezi. Mchezaji akiandika `/server survival`, proksi inafungua muunganisho mpya kwenda seva hiyo. Ikikubaliwa, inaufunga ule wa ukumbini na kuiambia kompyuta ya mchezaji ipakie dunia nyingine. Ni kazi ya opareta wa simu wa zamani: aliyepiga ameshika mkonga uleule sikioni, waya umehamishwa upande wa pili. Survival ikiwa imezimwa, muunganisho mpya unashindikana, na mchezaji anabaki ukumbini akisoma ujumbe wa kosa.

Hadi mwaka 2023 uhamisho huu ulitegemea ujanja. Proksi iliufanya mchezo uamini kwamba mchezaji amezaliwa upya katika dunia nyingine ya seva ileile. Toleo 1.20.2 lilileta hatua rasmi ya usanidi, ambamo mchezaji anaweza kurudishwa bila kukata muunganisho, akapokea maelezo ya dunia mpya, kisha akaendelea kucheza.

Tuchukue mfano wa seva tatu, zote zikitumia Paper katika mashine moja. Faili ya `velocity.toml` itakuwa na mistari hii:

```toml
bind = "0.0.0.0:25565"
online-mode = true
player-info-forwarding-mode = "modern"
forwarding-secret-file = "forwarding.secret"

[servers]
lobby = "127.0.0.1:25566"
survival = "127.0.0.1:25567"
creative = "127.0.0.1:25568"
try = ["lobby"]
```

Poti 25565 ndiyo ambayo mchezo huitafuta wenyewe, hivyo inapewa proksi. Mstari wa `try` unasema mgeni apelekwe wapi kwanza. Kisha kila seva ya ndani inarekebishwa katika `server.properties` yake. Kwa survival ni hivi:

```properties
server-ip=127.0.0.1
server-port=25567
online-mode=false
```

Mstari wa mwisho ndio wenye hatari. Kwa kawaida seva huuliza mitambo ya Mojang kama mchezaji huyu kweli ndiye mwenye akaunti. Nyuma ya proksi haiwezi kuuliza, kwa kuwa uhakiki umeshafanyika mlangoni, kati ya mchezaji na proksi. Kwa hiyo `online-mode=false` inaifanya seva iache kuhakiki. Ikiachwa hivyo huku poti yake ikifikika kutoka nje, mtu yeyote anaweza kuiingia moja kwa moja akijiita kwa jina la msimamizi, na akapewa mamlaka yote ya msimamizi huyo.

Velocity inalijibu hili kwa siri ya pamoja. Maneno yaliyomo katika `forwarding.secret` yanaandikwa pia katika `config/paper-global.yml` ya kila seva:

```yaml
proxies:
  velocity:
    enabled: true
    online-mode: true
    secret: "siri-ileile-ya-proksi"
```

Mchezaji anapoletwa, seva inaidai proksi taarifa zake. Proksi inatuma jina, namba ya utambulisho, vazi na anwani ya IP, pamoja na sahihi iliyokokotolewa kwa siri hiyo kwa njia ya HMAC-SHA256. Sahihi isipolingana, mlango haufunguki. Njia ya zamani ya BungeeCord ilipachika taarifa hizo katika salamu ya kwanza bila sahihi yoyote, hivyo aliyeifikia seva ya ndani aliweza kuzighushi. Hata ukiwa na siri, `server-ip=127.0.0.1` isiondolewe: inaizuia seva kusikiliza nje ya mashine. Seva zikiwa katika mashine tofauti, kazi hiyo inafanywa na ukuta wa moto unaoikubali anwani ya proksi peke yake.

Kujaribu ni rahisi. Elekeza mchezo kwenye poti ya survival bila kupitia proksi, kutoka kompyuta nyingine. Muunganisho unapaswa kukataliwa kabisa. Ukifika na kusoma "This server requires you to connect with Velocity", siri inafanya kazi ila poti iko wazi. Ukiingia na kujikuta unatembea, zima seva hiyo sasa hivi.

Kosa jingine ni la kimyakimya. Taarifa zisipopitishwa, seva inamtungia kila mchezaji namba ya utambulisho kutokana na jina lake, na vitu vyote alivyokusanya vinaonekana vimepotea, kumbe viko katika faili ya namba yake halisi. Tazama tarakimu ya kwanza ya fungu la tatu la namba hiyo: 4 ni ya akaunti halisi, 3 ni ya kutungwa. Dalili nyingine ni wachezaji wote kuonekana wametoka 127.0.0.1. Hapo kumfungia mmoja kwa IP ni kuwafungia wote.

Lililobaki ni mzigo wa mchezaji, nao proksi haiubebi. Kila seva huhifadhi vitu katika folda yake yenyewe, kwa hiyo almasi za survival hazionekani creative. Mara nyingi ndivyo inavyotakiwa, kwani creative hutoa vitu bila kikomo. Lakini mwenye survival mbili zinazoshirikiana atahitaji programu-jalizi inayoweka vitu katika hifadhidata moja, na mfuatano wa saa ndio unaoamua usalama. Mchezaji mwenye almasi 64 anaziweka sandukuni na kuhama papo hapo. Seva mpya ikisoma hifadhidata kabla ile ya zamani haijaandika, atafika akiwa na almasi 64 mkononi, na nyingine 64 zinamngoja sandukuni. Programu-jalizi nzuri hufunga rekodi ya mchezaji hadi seva aliyotoka ithibitishe kwamba imeshaandika, hata kama hilo litamchelewesha kidogo mlangoni. Jaribio lake ni hilohilo la sanduku, lirudiwe seva zikiwa zimejaa watu, maana zikiwa tupu uandishi huwahi na kosa halijitokezi.