Fahamu: Kwa nini mwenye kifafa ajihadhari na mkaratusi na kafuri

Kujifukiza nyungu kulienea sana Tanzania mwaka 2020, na mkaratusi ulikuwa miongoni mwa majani yaliyotumika. Kwa mwenye kifafa, hatari kubwa zaidi imo katika mafuta yanayotolewa kwenye majani hayo. Sineoli ya mkaratusi na kafuri inayotiwa katika dawa za kuchua huingia mwilini kwa kuvutwa, kumezwa au kupakwa, kisha huuchochea ubongo hadi kifafa kianze kwa urahisi. Madaktari nchini India wameeleza wagonjwa walioanguka muda mfupi baada ya kutumia mafuta hayo, hata baadhi wasio na kifafa.

Wapo watakaosema wengi hujifukiza bila kudhurika. Ni kweli, na majani machache si sawa na mafuta makali. Lakini usalama wa ubongo usio na kifafa hauthibitishi usalama wa ubongo wenye kifafa. Kifafa kikirudi ingawa dawa zinamezwa ipasavyo, chunguza kilichopakwa au kuvutwa saa chache kabla, ukiache, umweleze daktari. Dawa za kifafa usiziache.