Bonde Kati ya Milima Miwili ya Hewa

Mwaka 1938 ramani ya hali ya hewa ilichorwa kwa mkono. Takwimu ziliingia kwa telegrafu, kutoka vituo vya nchi kavu na kutoka kwenye meli: mgandamizo wa hewa, joto, mvua, upepo unatoka wapi na unavuma kwa nguvu gani. Ziliandikwa juu ya karatasi, kila namba mahali pake, kisha mtabiri akashika penseli na kuviunganisha vituo vyenye mgandamizo sawa kwa mstari mmoja, halafu mwingine, hadi karatasi nzima ikajaa miviringo. Mistari ikizunguka namba kubwa, hapo pana mlima wa hewa nzito. Ikizunguka namba ndogo, hapo pana shimo. Kimbunga ni shimo lenye kina kuliko yote, na mistari yake hubanana kiasi kwamba ncha ya penseli hukosa pa kupita.

Ramani ya namna hiyo ndiyo iliyokuwa mbele ya Charles Pierce asubuhi ya Jumatano, tarehe 21 Septemba 1938, katika makao makuu ya Idara ya Hali ya Hewa ya Marekani mjini Washington. Alikuwa kijana asiyefikia miaka thelathini, mtabiri wa ngazi ya chini. Idara yenyewe wakati huo ilikuwa bado chini ya Wizara ya Kilimo. Karatasi ile ilibeba habari za usiku uliotangulia, usiku ambao kimbunga kilitakiwa kukata kona na hakikukata.

Kimbunga hicho kilikuwa kimevuka Atlantiki kutoka upande wa Afrika. Tarehe 16 Septemba meli moja ya Brazili ilikutana nacho kaskazini mashariki ya Puerto Riko ikatuma habari. Ofisi ya Jacksonville, Florida, ilikifuata siku baada ya siku, na wakazi wa Miami wakatahadharishwa, wakaziba madirisha kwa mbao. Halafu kikaiacha Florida na kugeukia kaskazini. Kilipokaribia rasi ya Hatteras, katika jimbo la Karolina Kaskazini, jukumu la kukifuatilia likahamia Washington.

Mpaka hapo hakuna aliyeshangaa. Vimbunga vya Atlantiki vina mazoea yao. Huja kutoka mashariki, huzunguka ukingo wa mlima mkubwa wa hewa nzito unaokaa karibu na visiwa vya Bermuda, huelekea kaskazini, kisha hudakwa na pepo za kutoka magharibi na kusukumwa kaskazini mashariki hadi bahari kuu, ambako hufifia mbali na watu. Kimbunga hakijipeleki kokote. Ni kama kifuu cha nazi kinachozunguka mtoni: kuzunguka ni kwake, lakini safari ni ya maji. Kwa hiyo anayetaka kujua kitakwenda wapi haangalii kimbunga chenyewe tu, huangalia mto uliokibeba, yaani pepo za angani maili nyingi kukizunguka, kuanzia chini hadi juu kabisa.

Pierce aliuangalia huo mto, akaona haukupita kwenye njia yake ya kila mwaka. Mlima wa Bermuda ulikuwa umesogea kaskazini kuliko kawaida, umekaa kama ukuta upande wa mashariki na kuufunga mlango wa kutokea baharini. Upande wa magharibi, juu ya bara, kulikuwa na mlima mwingine wa hewa nzito. Kati ya hiyo miwili lilibaki bonde jembamba la mgandamizo mdogo, limelala kusini hadi kaskazini sambamba na pwani, na ndani yake upepo ulivuma kutoka kusini. Kwenye mdomo wa bonde hilo ndipo kilipokuwa kimbunga. Ukilifuata bonde kwa kidole kwenye ramani unafika kisiwa cha Long Island, kilicho ubavuni mwa jiji la New York, na nyuma yake yapo majimbo ya Connecticut, Rhode Island na Massachusetts, eneo linaloitwa New England.

Kulikuwa na dalili nyingine mbili. Ya kwanza ni mvua. New England ilikuwa imenyeshewa siku kadhaa mfululizo na mito ilikuwa imejaa, ishara kwamba hewa yenye unyevu wa bahari za joto ilikuwa tayari inapanda kwa njia ile ile ya bonde. Ya pili ilitoka kwenye meli ya abiria Carinthia. Ilikumbwa na kimbunga baharini, na barometa yake ikashuka hadi milibari 943 hivi. Kiwango cha kawaida usawa wa bahari ni 1013. Kupungua kwa milibari 70 kunaonyesha kimbunga ambacho hakijachoka hata kidogo.

Inavyosimuliwa, Pierce aliyasema hayo mkutanoni adhuhuri hiyo: kimbunga hakitapinda, kitapanda moja kwa moja. Hakukubaliwa. Aliyekuwa na kauli ya mwisho ni Charles Mitchell, mtabiri mkongwe wa Idara. Wengi wanaosimulia kisa hiki humfanya Mitchell kuwa mzee mkaidi, na mimi naona wanamwonea. Mwaka 1924 alichapisha uchunguzi mkubwa wa njia za vimbunga vya Atlantiki, kimoja kimoja, kutoka kumbukumbu za miaka mingi. Alijua kwamba kwa kawaida vimbunga vilivyofika pale vilikwenda baharini, na kwamba dhoruba kubwa kama hiyo New England ilikuwa imeiona mara ya mwisho mwaka 1815. Hoja yake ilisimama juu ya miaka zaidi ya mia moja. Hoja ya kijana ilisimama juu ya karatasi moja ya asubuhi hiyo. Kosa lilikuwa hapo hapo. Wastani wa miaka mingi unakuambia vimbunga huwa vinafanya nini, lakini haukuambii mlima wa hewa umekaa wapi leo, na kimbunga husukumwa na hewa ya leo.

Lipo jambo lililofanya ugomvi huo usiweze kuamuliwa kwa ushahidi. Hapakuwa na satelaiti wala rada ya hali ya hewa. Macho pekee ya baharini yalikuwa meli, na meli zilikuwa zimesikia tahadhari zilizotangulia, zikakimbilia bandarini au zikajitenga mbali. Tahadhari ilifanya kazi yake vizuri, ikaokoa mabaharia, na papo hapo ikaziondoa barometa zilizokuwa karibu na kimbunga. Asubuhi ile Washington ilibaki kukisia: tunajua kilikuwa wapi, tunajua mwendo wake wa jana, basi sasa kitakuwa hapa.

Mwendo wa jana haukuwa mwendo wa leo. Saa moja na nusu asubuhi kimbunga kilikuwa baharini mashariki ya Hatteras. Kutoka hapo hadi Long Island ni kama kilomita 600. Kwa mwendo wa kawaida wa vimbunga katika bahari za joto, kilomita 20 au 25 kwa saa, safari hiyo huchukua mchana na usiku mzima, muda wa kutosha kuchora ramani nyingine, kubadili tangazo na kuhamisha watu. Hiki kiliingia bondeni kikatumia saa zipatazo nane. Kilikuwa kinakimbia karibu kilomita 80 kila saa, kasi ya basi barabara kuu. Ilipokaribia saa tisa alasiri kilikuwa kimegusa Long Island, na muda si mrefu baadaye kikaingia Connecticut. Katika matangazo waliyopelekewa watu wa huko, neno kimbunga halikuwemo. Waliambiwa wategemee upepo mkali.

Long Island wanasimulia kisa cha mtu aliyeletewa barometa mpya kwa posta asubuhi hiyo. Aliifungua akakuta mshale umelala kwenye alama ya kimbunga. Akaitikisa, akaigonga, mshale ukabaki pale pale. Akaona ameuziwa kitu kibovu, akaandika barua ya malalamiko na kwenda kuituma. Aliporudi, nyumba haikuwepo.

Kasi ile ilileta madhara kwa namna mbili ambazo msomaji wa pwani anafaa kuzielewa. Kwanza, kimbunga hula joto la bahari, na maji ya kaskazini mwa nchi ile ni baridi. Kingetembea polepole kingedhoofika njiani. Kwa kuwa kilipita mbio, hakikupata muda wa kufa. Pili, kaskazini mwa ikweta upepo wa kimbunga huzunguka kinyume cha mshale wa saa, kwa hiyo kikielekea kaskazini, upande wake wa kulia upepo nao unavuma kuelekea kaskazini. Hapo mizunguko na safari hujumlishwa, kama abiria anayetembea kuelekea kichwa cha treni iliyo mwendoni. Upande wa kushoto vinapingana na upepo hupungua. Ndiyo maana jiji la New York, lililobaki kushoto, liliumia kiasi, ilhali Rhode Island, iliyokuwa kulia, ilipigwa vibaya. Bahari ilisukumwa ndani ya ghuba ya Narragansett, ambayo hubanana kadiri unavyopanda, na siku zilikuwa za bamvua, maji yakiwa tayari yanajaa. Katikati ya mji wa Providence, ulio kichwani mwa ghuba hiyo, bahari ilipanda zaidi ya mita nne juu ya kawaida, magari yakafunikwa barabarani. Kwa jumla walikufa zaidi ya watu 600.

Kwetu kusini mwa ikweta mambo hugeuka. Kimbunga huzunguka kufuata mshale wa saa, na upande wake mkali ni wa kushoto. Kikija kutoka mashariki kuelekea Tanzania, kushoto kwake ni kusini. Hidaya ilipofika kisiwa cha Mafia tarehe 4 Mei 2024, upande huo ulielekea Kilwa na Lindi. Mtu anayesikia kwamba kimbunga kinaelekea Mafia, naye yupo kusini ya hapo, asijihesabu kuwa kando.

Agosti mwaka uliofuata, jarida la kila mwezi la Idara lilichapisha historia ya kimbunga cha New England. Mwandishi wake alikuwa Charles Pierce. Anaanza mbali, siku kadhaa kabla ya maafa, na kufuata ramani moja baada ya nyingine. Hategemei zile za usawa wa bahari peke yake. Anachukua pia vipimo vya pepo za juu, vile vilivyopatikana kwa kurusha puto dogo na kulifuata kwa darubini hadi lipotee mawinguni. Huko juu, mbali na vurugu za ardhini, mto uliobeba kimbunga unaonekana ukitiririka kutoka kusini kwenda kaskazini, kati ya hewa nzito ya mashariki na ile ya magharibi.