Kesi 154 za Durba: zinaonyesha nini, na hazionyeshi nini

Habari ya ugonjwa inapotoka kwenye karyere, inakuja karibu kila mara kama hesabu ya watu. Watatu wamelala, wawili wamezikwa, wote walikuwa wa shimo moja. Waganga nao wanafanya vile vile kwenye karatasi. Wakiandika habari za mgonjwa mmoja, wanaita ripoti ya kesi. Wakikusanya wagonjwa wengi wa namna moja, ni mfululizo wa kesi. Sisi wa sindika tunaletewa karatasi hizo, na watu wanatuuliza: sasa shimo lifungwe ama lisifungwe? Ili kujibu vizuri, tuangalie mfululizo mmoja unaotuhusu kabisa, ule wa Durba.

Durba iko katika teritware ya Watsa, jirani zetu wa Haut-Uélé, kwenye zahabu ya Kilo-Moto. Toka Oktoba 1998 mpaka Septemba 2000, homa ya kutoka damu ilipita pale. Mwaka wa 1999 laboratwari ilihakikisha kwamba ni virusi vya Marburg. Waganga walihesabu kesi 154, na watu 128 kati yao walikufa. Lakini hesabu hiyo haikuwa mpya kabisa kwa wenyeji: tayari walikuwa wanajua ugonjwa wa damu unaopata watu wa migodi, na waliupa jina la mji wao.

Swali la kwanza la kuuliza mbele ya kila mfululizo ni hili: nani aliingizwa katika hesabu, na kwa alama gani? Katika zile kesi 154, ni 48 tu zilizohakikishwa na laboratwari. Zingine 106 zilikuwa za kushukiwa, juu ya dalili na habari za jamaa. Kosa la mtu hakuna hapo: wengine walikuwa wamezikwa kabla damu yao haijachukuliwa. Lakini homa kali na kutoka damu vinaweza kuletwa na magonjwa mengine pia. Tena, aliyekufa kwa kutapika damu, kijiji kizima kinamkumbuka. Aliyepata homa siku chache akapona na kurudi shimoni, nani atamwandika? Kwa hiyo tukisikia kwamba 83 kwa mia walikufa, tuelewe vizuri: ni 83 kwa mia ya wale walioonekana na kuandikwa. Haisemi kwamba kila watu mia watakaoshikwa, 83 watakufa.

Swali la pili: wagonjwa hawa wametoka ndani ya watu wangapi? Karibu nusu ya wagonjwa wa Durba, 52 kwa mia, walikuwa wachimbaji. Mtu akisoma hivyo anasema mara moja: mgodi njo unaua. Ngoja kwanza. Durba ni mji wa zahabu. Tuseme, kwa mfano tu, kwamba katika mji fulani nusu ya watu wote ni wachimbaji. Hapo kuona nusu ya wagonjwa ni wachimbaji hakutuambii kitu, hata kama soko lingekuwa na wauzaji wengi, wangekuwa wengi pia kati ya wagonjwa. Lakini kama wachimbaji ni watu kumi kwa mia, basi nusu ya wagonjwa ni jambo kubwa sana. Mfululizo wa kesi unatupa hesabu ya juu, yaani wagonjwa. Hesabu ya chini, yaani watu wote walio wazima na wagonjwa, haimo ndani yake.

Je, mfululizo hauna faida basi? Hapana, unayo. Kuna kitu ambacho kesi zenyewe zinaweza kuonyesha, tukizilinganisha zenyewe kwa zenyewe. Waganga waliuliza kila mgonjwa, ama jamaa yake: uligusa mgonjwa mwingine kabla ya kushikwa? Wagonjwa ambao si wachimbaji, 67 kwa mia walijibu ndiyo: walikuwa wameuguza ama kuwa karibu na mgonjwa. Wachimbaji, 27 kwa mia tu. Maana yake, wachimbaji wengi hawakupata ugonjwa kwa mtu. Waliutoa mahali pengine. Laboratwari nayo ilikuta aina ya virusi zisizopungua tisa, zenye ukoo mbalimbali. Kama ugonjwa ungeingia mara moja tu kisha ukapita toka mtu mpaka mtu, tungetegemea ukoo mmoja. Kumbe uliingia katika watu mara nyingi.

Na mahali penyewe ni wapi? 94 kwa mia ya wachimbaji waliogonjwa walifanya kazi chini ya ardhi. Mgodi ulipojaa maji, ugonjwa ukaisha wakati ule ule. Hiyo ni alama ya nguvu, lakini bado ni alama. Mambo mawili kutokea pamoja si kusema moja limeleta lingine.

Njo maana waganga hawakuishia kwenye orodha ya wagonjwa. Walikwenda kijijini, wakachukua damu ya watu 912, wagonjwa na wazima bila kuchagua, wakatafuta alama ya kuonyesha kwamba mwili uliwahi kupigana na Marburg. Watu 15 walikuwa nayo, na 13 kati yao walikuwa wanaume wa migodi. Safari hii waliweza kuwalinganisha na wale wengine wote wasio na alama, na kazi ya mgodi ilionekana kufungamana na ugonjwa waziwazi. Watu hao 15 walikuwa hai, na hiyo pia inatukumbusha wale ambao hesabu ya wagonjwa haikuwaona. Baadaye, watafiti walikamata wanyama ndani ya mgodi wa Gorumbwa, wakakuta mabaki ya virusi katika popo wachache. Hatua kwa hatua: kesi zilileta swali, hesabu ya kijiji ikalijaribu, popo wakaonyesha njia.

Jambo la mwisho ni dawa. Katika Durba walipona watu 26. Huenda kila mmoja alikunywa kitu: kidonge, serumu, majani. Mtu akija na ripoti ya mgonjwa mmoja aliyepona kwa dawa yake, ulizeni: wangapi walikunywa dawa hiyo hiyo wakafa? Na wangapi walipona bila kuinywa? Bila majibu hayo mawili, ripoti inatuambia tu kwamba mtu alipona. Haituambii nini kilimponya.

Sisi tunaomba hivi. Karyere ikianza kuugua, andikeni kila mgonjwa: siku homa ilipoanza, shimo gani, kazi gani, alimgusa nani, na mwisho wake. Waandikeni waliopona pia. Halafu andikeni hesabu ya watu wote wanaoingia katika shimo lile, wazima nao. Pelekeni karatasi kwa zoni ya afya siku ile ile, hata kama kesi ni mbili tu, juu kesi mbili zinatosha kuamsha uchunguzi, na mtu aliye na homa na damu asiguswe mikono mitupu. Lakini mtu akitaka kulaumu shimo, kabila ama familia kwa kesi hizo mbili, mwambieni alete kwanza hesabu ya chini.