Somo la Excel Lisilotaja Toleo Lake

Karani wa chama cha kuweka na kukopa ana shiti mbili kwenye faili moja. Ya kwanza ni makato ya mwezi: kolamu ya namba za wanachama na kolamu ya kiasi kilichokatwa. Ya pili, iliyopewa jina Wanachama, ina namba, tawi na jina kamili. Mhasibu anataka orodha ya makato yenye majina, na anaitaka leo. Wanachama ni karibu 400, kwa hiyo kunakili jina moja baada ya jingine ni kazi ya kutwa nzima.

Karani anashika simu na kutafuta somo. Anakutana na video yenye kichwa “Jifunze Excel sehemu ya 7”. Nyingine inaitwa “Fomula hatari kila mfanyakazi lazima aijue”. Ya tatu inaahidi siri kumi. Pengine mojawapo ina jibu lake kamili, dakika ya 9, lakini hana njia ya kujua bila kuzitazama zote. Mwalimu huenda kafundisha vizuri sana. Alichoharibu ni yale maneno machache yanayolitambulisha somo kabla halijafunguliwa, yaani kichwa, maelezo mafupi, maneno ya kutafutia na jina la faili la mazoezi. Kwa pamoja huitwa metadata.

Kwa somo la lahajedwali, metadata inapaswa kutaja mambo matatu: fomula, kazi inayofanywa na fomula hiyo, na toleo la programu ambamo inafanya kazi. Huyu karani wetu hajui jina la fomula. Angelijua, nusu ya shida ingekuwa imekwisha. Anachojua ni kazi, na ataandika kama anavyosema ofisini: “kuvuta jina kutoka shiti nyingine”, au “kulinganisha orodha mbili”. Mwenzake wa meza ya pili amewahi kusikia XLOOKUP kwenye semina, anakumbuka jina ila amesahau namna ya kuipanga. Huyo ataandika XLOOKUP tu. Kichwa chenye jina la fomula peke yake kinamkosa wa kwanza, na chenye kazi peke yake kinamkosa wa pili.

Kuna sababu nyingine ya kutotosheka na jina la fomula, nayo si ya kutafuta tu. Fomula moja inaweza kufanya kazi mbili zisizofanana kabisa. VLOOKUP ni mfano mzuri, maana imo ndani ya Excel tangu toleo la kwanza la mwaka 1985 na bado inafundishwa kila mahali. Karani anaitumia kutafuta namba ileile hasa: mwanachama 2117 ni 2117, hakuna anayemkaribia. Mwalimu wa taaluma wa sekondari Tanzania anaitumia kupanga madaraja: alama 75 na kuendelea ni A, 65 hadi 74 ni B, 45 hadi 64 ni C. Kwake alama 68 haimo kwenye jedwali, na hahitaji iwemo. Anahitaji ngazi ambayo 68 imeangukia. Tofauti ya kazi hizi mbili ni neno moja mwishoni mwa fomula, FALSE kwa karani na TRUE kwa mwalimu.

Ukiacha neno hilo wazi, VLOOKUP inachukulia TRUE. Karani aliyefuata somo la madaraja, kwa kuwa kichwa kilisema “VLOOKUP kwa urahisi” tu, anaweza kupata majina kwenye kila mstari bila kosa lolote kuonekana, na baadhi ya majina hayo yakawa ya watu wengine. Anayetaka kuhakiki achukue namba ambayo anajua haimo kwenye orodha, aiweke kwenye fomula. Ikileta jina badala ya kosa, fomula inatafuta ya kukaribiana. Kwa hiyo kichwa cha somo la madaraja kiseme madaraja.

Sasa toleo, jambo linaloachwa mara nyingi kuliko yote. Tuseme karani amepata somo zuri la XLOOKUP. Anaandika hivi kwenye shiti ya makato:

```
=XLOOKUP(A2,Wanachama!$A$2:$A$400,Wanachama!$C$2:$C$400,"Hayupo")
```

Maana yake: chukua namba iliyo A2, itafute kwenye kolamu A ya shiti ya Wanachama, uniletee jina lililo mkabala wake kwenye kolamu C, na kama namba haimo andika Hayupo. Hapa hakuna haja ya kuandika FALSE, kwani XLOOKUP isipoambiwa vinginevyo hutafuta ileile hasa.

Anabonyeza Enter na kupata `#NAME?`. Anakagua mabano, mkato na jina la shiti, kisha anaandika upya, na jibu ni lilelile. Hajakosea herufi hata moja. Kompyuta ya ofisi ina Excel 2016, na XLOOKUP haimo humo wala kwenye Excel 2019 inayonunuliwa mara moja. Microsoft waliitangaza Agosti 2019, nayo inapatikana kwa wenye usajili wa Microsoft 365, Excel 2021, Excel 2024 na Excel ya kwenye kivinjari. `#NAME?` ni namna ya Excel kusema kuna neno hapa nisilolijua. Linaweza kuwa limekosewa tahajia, au likawa halijazaliwa toleo hilo lilipotoka.

Faili la mazoezi huleta mtego mbaya zaidi. Mwalimu ameliandaa kwenye Excel 2021, karani analifungua kwenye 2016, na majina yote yanaonekana safi. Hiyo ni kwa sababu Excel inaonyesha jibu la mwisho lililohifadhiwa mpaka seli ikokotolewe tena. Akigusa fomula tu, au akiandika namba nyingine kwenye A2, jina linageuka `#NAME?`. Aliyekuwa hajui ataapa kwamba faili limeharibika mikononi mwake. Dalili ipo kwenye upau wa fomula tangu mwanzo: badala ya `=XLOOKUP` kunasomeka `=_xlfn.XLOOKUP`. Kiambishi hicho kikitokea, fomula imetoka kwenye toleo jipya kuliko la kompyuta hiyo.

Maelezo ya somo yangemwokoa kwa sentensi moja: “Haifanyi kazi kwenye Excel 2016 na 2019, tumia fomula ya VLOOKUP iliyo mwishoni.” Nayo fomula hiyo ingekuwa hii:

```
=IFERROR(VLOOKUP(A2,Wanachama!$A$2:$C$400,3,FALSE),"Hayupo")
```

Namba 3 ni kolamu ya tatu ya eneo lililotajwa, yaani jina. Inafanya kazi kwa karani kwa sababu namba ya mwanachama iko kushoto kwa jina. VLOOKUP haitazami kushoto.

Kutaja toleo nako kuna namna yake. “Excel mpya” ni maneno yanayooza, kwa kuwa mpya ya mwaka 2019 leo ni kongwe. “Toleo la 16” ni baya zaidi, ingawa linaonekana la kitaalamu. Excel 2016, 2019, 2021, 2024 na ya Microsoft 365 zote zinajitaja 16 kwa ndani, na ukiandika `=INFO("release")` zote zitakujibu 16.0. Kinachotofautisha ni jina la biashara, na mtumiaji hulipata kwa kufungua File kisha Account, na kusoma kilichoandikwa chini ya Product Information. Akikuta Microsoft 365, kutakuwa pia na namba ya tarakimu nne kama 2408, ambayo ni mwaka 2024 mwezi wa 8. Google Sheets haina toleo la kutaja, kwa kuwa hubadilika yenyewe. Huko mwandishi aandike mwezi na mwaka alioijaribu fomula. XLOOKUP yenyewe imo tangu 2022. LibreOffice iliipata kwenye toleo la 24.8, kwa hiyo anayetumia la 24.2 ataikosa.

Lugha ya programu pia inaingia hapa. Msomaji wa Bukavu au Bujumbura anaweza kuwa na Excel ya Kifaransa, ambamo fomula hiyohiyo huitwa RECHERCHEX na kosa huandikwa `#NOM?`. Faili likifunguliwa, Excel hubadili jina la fomula yenyewe, ila anayechapa kwa mkono lazima achape la Kifaransa, na kwa mipangilio ya kawaida ya huko atenganishe kwa nukta mkato badala ya mkato. Maneno ya kutafutia ndiyo mahali pa kuweka RECHERCHEX, na ningeongeza `#NAME?` yenyewe, kwani wengi hutafuta wakiwa tayari wamekwama na kosa liko mbele ya macho.

Kwa somo la karani, basi, kichwa kingekuwa: “XLOOKUP: vuta jina kutoka shiti nyingine kwa namba ya mwanachama (Excel 2021, 2024 na 365)”. Kinaingia ndani ya herufi 100 ambazo YouTube inaruhusu, na fomula na kazi zimetangulia kwa sababu skrini ya simu hukata mwisho. Maelezo yangeanza na lile onyo la 2016 na 2019, kisha yangetaja mpaka wa somo: linadhani namba kwenye shiti zote mbili zimehifadhiwa kwa aina moja. Shiti moja ikiwa na 2117 kama namba na nyingine kama maandishi, kila mstari utasema Hayupo. Kwa kawaida maandishi huegemea kushoto mwa seli na namba kulia. Mwenye shida hiyo anahitaji somo jingine, na ni heri ajue mapema.

Faili la mazoezi lina safari yake. Likishapitishwa kwenye kundi la WhatsApp linaachana na video, na mpokeaji wa tatu hajui lilikotoka. Jina kama `xlookup-jina-la-mwanachama-excel2021.xlsx` linasafiri nalo, na kwenye File kisha Info kuna nafasi za Title na Tags zinazobaki ndani hata jina likibadilishwa. Jihadhari tu na Inspect Document: ukiitumia kufuta jina lako la mwandishi, na hizo nazo zinafutwa, kwa hiyo zijaze baada ya ukaguzi.

Microsoft walisitisha huduma kwa Office 2016 na 2019 tarehe 14 Oktoba 2025. Programu zenyewe hazikuzimika siku hiyo. Zinafunguka na kukokotoa kama kawaida, bila masasisho ya usalama. Mwalimu anayepanga kuifuta ile sentensi ya onyo asubiri mpaka ofisi za watazamaji wake zibadilishe kompyuta.