Mvi zarudi baada ya wiki mbili: rangi ya nywele irudiwe lini?

SWALI: Mama mwenye umri wa miaka 42 anapaka piko nyeusi kwa sababu nusu ya nywele zake zimekuwa mvi. Baada ya wiki mbili weupe unaonekana tena, naye anarudia kichwa kizima. Sasa ngozi ya kichwa inamuwasha. Je, nywele zake zinakua haraka kuliko za wengine?

JIBU: La. Nywele zake zinakua kama za watu wengi. Kinachomsumbua ni tofauti kubwa kati ya rangi mbili zilizokutana kichwani: nyeupe na nyeusi tititi.

Kwa wastani nywele za binadamu hukua karibu sentimita moja kwa mwezi, na nywele za kipilipili hukua kidogo chini ya hapo. Kwa mama huyu, tuchukue milimita 2 kwa wiki. Wiki ya kwanza haoni kitu. Wiki ya pili ana milimita 4 za weupe, na zinaanza kuonekana pembeni mwa paji la uso na pale nywele zinapogawanywa kwa kitana. Wiki ya sita ana zaidi ya sentimita moja, na mtu aliyesimama mbele yake anauona mstari bila kutafuta.

Je, weupe ukionekana siku ya tatu?

Huo si ukuaji, maana kwa siku tatu nywele hazijafika hata milimita moja na nusu. Maana yake rangi haikushika. Mvi nyingi ni ngumu kupokea rangi, na dawa ikioshwa kabla ya muda ulioandikwa kwenye pakiti, weupe hubaki. Na kama unywele mzima umegeuka kuwa wa kahawia au mwekundu, hapo rangi imepauka kwa jua na kuoshwa. Ukuaji hutambulika kwa jambo moja: weupe uko karibu na ngozi tu, na kwingine rangi ni ileile.

Basi ritachi ifanyike baada ya muda gani?

Mwenye mvi nyingi anayepaka nyeusi huhitaji ritachi kila baada ya wiki 4 hadi 6. Mwenye mvi chache zilizotawanyika anaweza kukaa wiki 8 au zaidi, kwa kuwa weusi wa asili unazificha. Mwenye nywele nyeusi aliyepaka kahawia iliyokoza naye hana haraka, kwani nyeusi inayoota chini yake hukaa kama kivuli tu. Lakini aliyezifanya nywele nyeusi kuwa za dhahabu kwa blichi huuona mstari mapema, na wengi wao hurudi saluni baada ya wiki 4 hadi 6.

Mama huyu ana njia rahisi zaidi ya kupaka mara kwa mara: aache nyeusi tititi, achague kahawia iliyokoza. Mvi zitaota kwa kasi ileile, ila mpaka kati yake na rangi hautakuwa mkali, naye anaweza kufika wiki ya sita. Katikati ya hapo anaweza kubadilisha mahali anapogawa nywele, au kuvaa kilemba.

Kwa nini asipake kichwa kizima?

Kwa sababu sehemu ya zamani tayari ina rangi. Kuirudia kila mara huifanya iwe kavu, ikatike, na weusi uzidi kukoza kuelekea ncha. Dawa iwekwe kwenye sehemu iliyoota tu, kwa brashi ndogo, fungu moja la nywele baada ya jingine. Nywele za zamani zinaweza kupakwa kwanza mafuta ili dawa isizishike.

Na muwasho je?

Hapa ndipo asimame. Piko nyingi na rangi nyingi za kudumu zina kemikali iitwayo parafenilenidiamini, inayoweza kuleta mzio hata kwa aliyeitumia miaka mingi bila shida. Asipake tena mpaka aonwe na daktari wa ngozi. Uso au kope zikivimba, au pumzi ikibana, ni kwenda hospitali mara moja.

Aliyewahi kupata malengelenge kwa kuchorwa piko mikononi wakati wa harusi asiitie kichwani, kwani kemikali inaweza kuwa ileile. Wengine wapake kidogo nyuma ya sikio saa 48 kabla, kwa kufuata maelezo ya pakiti, na waangalie kama pamewasha au kuwa pekundu. Jaribio hilo lirudiwe kila mara kabla ya ritachi, hata kama rangi ni ya siku zote.