Kuyumba kwa Bei Hakupimi Machungu

Mwaka 2021 hisa ya Safaricom ilifika karibu shilingi 44. Mwaka 2023 ilishuka hadi kama shilingi 12. Aliyenunua kileleni aliona asilimia 73 ya thamani ikiyeyuka, na ili arudi alipoanzia, bei hiyo ya chini sharti izidi mara tatu na nusu. Mporomoko huo, kutoka kilele hadi chini kabisa, ndio huitwa anguko kubwa.

Washauri wengi hutupimia hatari kwa kuyumba kwa bei, yaani jinsi mapato ya kila mwezi yanavyotawanyika kando ya wastani wake. Lakini kipimo hicho hakijali mpangilio.

Chukua shilingi 100,000. Zipande asilimia 10, zishuke 10, zipande 10, zishuke 10. Unabaki na 98,010. Sasa zipande mara mbili mfululizo, kisha zishuke mara mbili. Unabaki na 98,010 zile zile, na kuyumba ni kule kule. Ila mara ya kwanza ulianguka kutoka 110,000, asilimia 11 hivi. Mara ya pili ulianguka kutoka 121,000, asilimia 19.

Mimi naamini mtu huuza kwa hofu akikumbuka kilele, si wastani. Kwa hivyo nikionyeshwa mfuko wa uwekezaji, huuliza: uliwahi kuanguka kiasi gani, na ulichukua muda gani kurudi? Hata hivyo, jibu ni la jana tu. Anguko kubwa zaidi laweza kuwa bado halijaja.